Sahani Hairudi Tupu: Mwongozo wa Salamu na Zawadi za Sikukuu kwa Watu wa Kazi

Katika mitaa ya Mkomani na Langoni mjini Lamu, mwezi wa Ramadhani, sahani hutembea kuliko watu. Kabla ya adhana ya magharibi utawaona watoto wakipita katika vichochoro wakiwa wamebeba sahani zilizofunikwa, kaimati upande huu na mkate wa sinia upande ule, na kila nyumba hupeleka na kuletewa. Kanuni yake haikuandikwa popote lakini hakuna asiyeijua: sahani ya watu hairudi tupu. Ukiletewa tambi, sahani utairudisha na tende au ndizi za kupika, hata kama ni siku tatu baadaye, na mwenye kuirudisha ikiwa imeoshwa tu bila kitu ndani ataonekana kuwa ama amesahau adabu au amefilisika.

Baina ya majirani kanuni hii haina taabu, kwa sababu kilichomo ndani ya sahani kimetoka jikoni na kinacholipwa pia kitatoka jikoni. Taabu huanza tunapoichukua kanuni hiyo hiyo na kuipeleka kwa watu wa kazi: wakala anayekuletea wageni, mwenye duka anayekukopesha saruji, nahodha, fundi, afisa wa ofisi fulani. Ninaendesha nyumba ya wageni ya vyumba vitano hapa Lamu, na kila mwaka nina watu wasiopungua sitini ambao inanipasa kuwakumbuka sikukuu zinapofika. Nimewahi kuwakumbuka vizuri, na nimewahi kuwakumbuka kwa namna iliyowafanya waone uzito kuniona. Ninayoyaeleza hapa ni utaratibu ninaoufuata sasa, pamoja na kosa lililonifundisha sehemu kubwa ya utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: igawe orodha kwa hali iliyopo kati yenu, si kwa ukubwa wa mtu

Wengi wetu huanza kwa kujiuliza nani ni mkubwa na nani ni mdogo, kisha mkubwa akapewa kikubwa. Huo ndio mwanzo wa makosa. Chukua daftari, andika majina yote, na mbele ya kila jina ujibu swali moja tu: leo hii, kati yangu na mtu huyu kuna jambo gani ambalo halijamalizika?

Watu ambao hamna jambo lolote lililobaki ndio rahisi kuliko wote. Fundi aliyekutengenezea mlango mwezi wa Rajabu, ukamlipa na mkaachana kwa wema, unaweza kumpelekea kitu chochote cha kiasi naye atakipokea kwa moyo mweupe, kwa kuwa hakuna anachoweza kudhani kuwa unakitafuta. Zawadi inayokuja baada ya kazi kwisha huitwa shukurani, na ile ile ikija kabla ya kazi huitwa jina jingine.

Watu ambao kazi inaendelea kati yenu, kama wakala, muuza samaki wa kila asubuhi au nahodha, hao wanastahili kukumbukwa, lakini kwa kipimo nitakachokieleza mbele. Hapa naomba nitaje wafanyakazi wako mwenyewe kwa ufupi. Mkono wa Idi kwa mfanyakazi hutolewa juu ya mshahara wala haukatwi ndani yake. Tunajua kwamba hata mchinjaji wa mnyama wa udhhiya halipwi ujira wake kwa nyama ya mnyama huyo: ujira wake atapewa kando, kisha nyama akipewa awe amepewa kama wengine. Tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa pia kwa anayekufulia mashuka ya wageni.

Kundi la tatu ni la wale wenye uamuzi juu yako: mkaguzi wa afya, mtu wa leseni, anayepitisha malipo yako katika ofisi. Hawa watumie salamu peke yake. Usipeleke kitu, hata robo ya halwa, na hasa usipeleke mwezi wa Disemba, kwa kuwa Januari ndipo wengi wetu tunapohuisha leseni za biashara na hakuna atakayeamini kwamba tarehe hizo zimegongana kwa bahati. Ibara ya 76 ya Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa ngazi ya dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni mali ya Jamhuri, na Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Lakini hata sheria ukiiweka kando, fikiria hali ya afisa mwenyewe. Akikipokea ataogopa kukukatalia, na akikirudisha atakuwa amekuvunjia heshima mbele ya mjumbe, kwa hiyo umempa shida mbili katika kifurushi kimoja. Ikiwa afisa huyo ni mwana wa ami yako, basi mpelekee nyumbani kwake kile ambacho ungempelekea hata kama angekuwa mvuvi, wala usizidishe.

Kundi la nne husahauliwa na wengi, nalo ni la wenye deni. Mtu unayemdai akipokea salamu yako ndefu ya Idi, ataisoma mara mbili akitafuta mahali ulipotaja pesa, na asipopaona ataamini kuwa salamu nzima ndiyo kumbusho. Mtumie salamu fupi kuliko za wote. Anayekudai wewe ni mzito zaidi, kwa sababu zawadi kwa mwenye kukudai huonekana kama ombi la kuongezewa muda, na wanazuoni wamekuwa na tahadhari na zawadi ya mkopaji kwa mkopeshaji kabla ya deni kulipwa, isipokuwa kama wawili hao walikuwa na mazoea ya kupeana tangu zamani, kwa kuchelea isije ikawa ni riba iliyovikwa kanzu. Lipa kwanza, hata kama ni sehemu, kisha baada ya wiki moja peleka halwa yako.

Katika daftari hilo hilo weka alama kwa waliofiwa. Mjane aliye ndani ya eda, yaani miezi minne na siku kumi, hatumiwi picha ya mwezi na nyota yenye maandishi ya furaha. Hutumiwa neno la kumwombea marehemu, na ikiwa unamjua kwa karibu, mwanamke wa nyumbani kwako ndiye aende.

Hatua ya pili: chagua sikukuu moja kwa kila mtu

Si lazima mtu mmoja akumbukwe mara nne kwa mwaka. Mimi humpangia kila mtu sikukuu moja ya zawadi, na zilizobaki ni za salamu tu. Hilo hupunguza gharama, lakini faida yake kubwa ni kwamba humpunguzia mpokeaji mara za kufikiri jinsi ya kulipa.

Idi ya Mfungo Mosi ndiyo yenye furaha zaidi na ndiyo ngumu zaidi kupangia, kwa kuwa hutegemea kuandama kwa mwezi na hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Hujui mpaka usiku wenyewe kama ni kesho au keshokutwa, na kila mwaka wapo wanaofuata tangazo la Kadhi Mkuu na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine. Kwa hiyo salamu isitangulie. Aliye katika saumu ya siku ya thelathini akipokea neno la Idi Mubarak saa mbili asubuhi, umemwingiza katika mjadala asiouomba. Ngoja ajue mwenyewe siku yake, kisha umtumie alasiri ya siku hiyo, simu zinapokuwa zimetulia.

Idi ya Mfungo Tatu ni tofauti, kwa sababu husaliwa siku ya kumi ya mwezi, hivyo mwezi ukishaandama unazo siku tisa za kujipanga. Vifurushi vinavyokwenda Mombasa au Nairobi mimi huvipeleka Idi hii. Kifurushi hushuka gatini, huvuka kwa boti hadi Mokowe, hupakiwa basi, na siku tisa zinatosha hata kikichelewa njiani.

Maulidi ya Mfungo Sita hapa kwetu ni msimu wenyewe, na mji hujaa wageni. Hata hivyo usiitumie orodha nzima salamu za Maulidi, kwa sababu Waislamu hawakukubaliana juu yake, na yule asiyeyasoma atajiona amewekwa katika safu asiyoichagua. Watumie wale uliowahi kuketi nao kwenye Maulidi. Kwa mawakala wa bara ambao ni Wakristo, Krismasi ndiyo siku yao, na salamu ifike kati ya tarehe 20 na 24 Disemba kabla hawajafunga ofisi na kupanda mabasi ya kwao.

Hatua ya tatu: andika salamu isiyokuwa na haja nyuma yake

Hapa pwani mtu aliyenyamaza miezi minane akikupigia na kukujulia hali ya watoto mmoja mmoja, moyo wako humuuliza, "Sema basi, una haja gani?" Hiyo ndiyo shaka ambayo salamu ya sikukuu kwa mtu wa kazi hukutana nayo mlangoni. Ndiyo maana wazee wetu hufunga maneno kwa kusema "nimesalimu tu", na maneno hayo mawili yana kazi kubwa kuliko picha yoyote ya misikiti na fataki.

Salamu nzuri ina sehemu tatu: dua au heri ya siku yenyewe, jambo moja mahsusi linalowahusu nyinyi wawili, na kufunga. Hii ni mojawapo ya nilizotuma:

"Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Idi Mubarak kwako na kwa wote wa nyumbani. Wale wageni wawili uliotuletea wakati wa kaskazi bado wanaulizia samaki wa kupaka uliotuelekeza. Mola atufikishe mwakani na afya. Nimesalimu tu."

Sentensi ya katikati ndiyo inayoonyesha kuwa salamu ni yake na si ya watu mia. Usiiweke bei ya vyumba chini yake, wala picha ya chumba kipya, wala neno la "karibuni msimu huu". Ukiwa na jambo la biashara, lipe wiki mbili kamili baada ya sikukuu kisha lilete katika ujumbe wake peke yake. Ukilileta siku ya tatu, ile salamu itageuka na kusomwa upya kama utangulizi.

Kwa watu wengi ambao huwezi kumwandikia kila mmoja, WhatsApp ina orodha ya kutuma kwa wengi, ambayo hubeba hadi watu 256 na kila mmoja huipokea kana kwamba ametumiwa peke yake. Mambo mawili yafahamike. Ujumbe huo humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake, na kwa hakika hicho ni kichujio kizuri, kwa sababu asiyekuwa na namba yako hana sababu ya kupokea salamu zako. La pili ni kwamba usifungue kundi badala ya orodha. Katika kundi umetoa namba za watu kwa wasiowajua, na kila mmoja atalazimika kujibu mbele ya wengine, kisha siku nzima simu zao zitalia kwa "amin" arubaini.

Jibu likija, jibu mara moja na uache hapo. Aya ya 86 ya Surat An-Nisaa inatuagiza tukiamkiwa tuitikie kwa iliyo bora zaidi au kwa mfano wake, na watu wetu wameizoea sana ile nusu ya kwanza, hadi wameitia katika zawadi pia. Kumbuka kwamba nusu ya pili ipo: kurudisha mfano wake tu ni adabu kamili. Jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye kisa cha kofia niliyomtumia wakala mmoja.

Hatua ya nne: zawadi isiyokuwa na chombo

Nimekuja kuona kwamba kitu hugeuka deni kwa sababu tatu, na zote zimo ndani ya ile sahani. Ya kwanza ni bei inayojulikana. Pesa ndizo mbaya kuliko zote katika hili: shilingi 500 za M-Pesa haziwezi kuwa kitu kingine ila shilingi 500, na mpokeaji ataziangalia kisha atazirudisha zikiwa 500 au 700, halafu mtakuwa mmebadilishana pesa na kulipia ada ya kutuma. Mkono wa Idi wa pesa ni wa watoto, kwa kuwa mtoto hatarajiwi kurudisha. Mtu mzima mwenye biashara yake mpe kitu.

Sababu ya pili ni kudumu. Saa ya ukutani, seti ya vikombe, bakuli la kuchonga, hivyo vitu hukaa sebuleni na kumtazama mpokeaji mwaka mzima. Ukija kwake atahakikisha kimetolewa kabatini. Kinacholiwa huisha, na kikiisha kimemwacha huru. Ya tatu ni chombo chenyewe. Usipeleke kitu katika sahani ya kaure, hotipoti au kikapu kizuri, kwa sababu umemtumia pia swali la lini atakirudisha na ndani yake atatia nini. Weka katika boksi la karatasi la kutupwa.

Kwa hiyo mimi hutoa halwa. Hukaa wiki kadhaa bila friji, na kwa kweli friji huifanya ngumu, hustahimili safari ya basi, na hapa mjini kila mtu ana maoni juu ya mpishi gani anaijua, jambo linalompa mpokeaji neno la kusema zaidi ya ahsante. Mwaka jana nilinunua kilo nne kwa shilingi 600 kila kilo, jumla 2,400. Niliigawa robo robo nikapata vifungu kumi na sita, na maboksi kumi na sita kwa shilingi 50 yakawa 800. Watu kumi na sita niliwakumbuka kwa shilingi 3,200, yaani 200 kila mmoja. Robo ndiyo kipimo. Nusu kilo huanza kuonekana kama shehena, na kilo nzima mtu hujiuliza una harusi au una kesi. Funga kwanza kwa karatasi isiyopitisha mafuta, kisha tia katika boksi, la sivyo samli itapenya na boksi litafika Mombasa limelowa kama limeokotwa pwani.

Achari ya maembe ya nyumbani inafaa pia kwa walio karibu, lakini si kwa basi, maana chupa hupasuka, na pia chupa ni chombo. Udi na manukato niliacha. Ni zawadi ya ndani mno, na kwa mwanamume kumpelekea mwanamke wa ofisini ni kutafuta maneno bure.

Kipimo changu cha mwisho kabla ya kufunga boksi ni hiki: je, mtu huyu akitaka kunilipa leo jioni, anaweza kunilipa kwa kilichomo jikoni mwake bila kwenda dukani? Kama jibu ni hapana, ninapunguza.

Hatua ya tano: namna ya kufikisha

Zawadi ya wakala au ya duka lenye wafanyakazi ipeleke kwa jina la ofisi, iliwe pale pale na wote. Ukimpa mkuu peke yake mbele ya karani, umemkosea karani na umemfunga mkuu. Kwa wa mjini mtume kijana wa nyumbani, si wewe mwenyewe, kwa sababu ukienda mwenyewe utakaribishwa, utapikiwa kahawa, utaombwa ukae, na mwenyeji atatafuta cha kukupa uondoke nacho. Kijana akabidhi na kusema, "Mzee anawasalimu, Idi Mubarak," kisha ageuke. Muusie asisimame mlangoni, maana anayesimama huonekana anangoja kitu.

Karatasi ndani ya boksi isiwe kadi ya biashara. Jina lako na neno moja la heri kwa mkono vinatosha.

Kofia: hesabu ya jambo lililoniharibikia

Miaka kadhaa iliyopita wakala mmoja wa Nairobi alinipelekea wageni wengi katika msimu wa kaskazi. Kwa furaha yangu nilimnunulia kofia iliyoshonwa kwa mkono, shilingi 4,500. Wanaoijua kofia ya Lamu wanajua kwamba matundu yale hutobolewa na kuzungushiwa uzi moja moja, na kwamba kofia moja humchukua mshonaji wiki nyingi. Niliituma Idi ya Mfungo Mosi. Alinipigia simu na kusema, "Ndugu yangu, umenitia haya." Nilicheka. Sasa najua kwamba maneno yale hayakuwa shukurani tu, yalikuwa ni maelezo sahihi ya nilichomfanyia.

Disemba yake alituma kapu la vitu pamoja na shati, kwa makadirio yangu si chini ya shilingi 7,000. Mimi nikaona nimezidiwa, na Idi iliyofuata nikatuma kofia mbili, yake na ya baba yake, shilingi 9,000. Hapa tazama hesabu: 4,500, kisha 7,000, kisha 9,000, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiomba kitu. Disemba ya pili aliniambia kwamba atakuja na familia yake kusalimia. Alikuja na watu sita, nikawapa vyumba viwili kwa usiku sita, katika wiki ambayo kila chumba kilikuwa kinakwenda kwa shilingi 6,000 kwa usiku. Vyumba viwili mara usiku sita mara 6,000 ni shilingi 72,000. Hakuuliza bei, nami sikuitaja. Alidhani amekuja kwa ndugu, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa sababu mtu unayempelekea kofia baba yake humtozi chumba. Alipoondoka aliacha shilingi 5,000 chini ya birika, na zile pesa zilinitaabisha kuliko zile 72,000, kwa kuwa zilionyesha kwamba naye alikuwa amekaa siku sita akihesabu.

Mwaka uliofuata wageni wake walipungua. Sidhani alinikasirikia. Nadhani kila alipotaka kunipigia alikumbuka kwamba zamu ya kutoa ilikuwa yake.

Nilirekebisha hivi. Sikunyamaza, kwa sababu kunyamaza ghafla husomwa kama kinyongo. Idi iliyofuata nilituma robo ya halwa kwa jina la ofisi nzima, pamoja na salamu za kawaida. Alituma naye tende, boksi moja dogo. Nikashukuru na sikuongeza kitu. Baada ya wiki tatu nilimwandikia kwa barua pepe ya kazi, mbali kabisa na sikukuu, kwamba watu wa ofisi yao wana punguzo la asilimia 20 kuanzia Mei hadi Juni, wakati wa kusi ambapo vyumba huwa vitupu, na kwamba miezi ya Disemba na Januari bei ni ile ile kwa wote. Alijibu kwa mstari mmoja: "Sawa kabisa, umenirahisishia." Agosti alileta wageni wanne.

Dalili kwamba umeshavuka

Zipo tatu ninazoziamini. Mpokeaji akijibu kwa kuomba radhi kabla ya kushukuru, kama "samahani sisi hatukutuma kitu", zawadi yako ilikuwa nzito, hata kama iligharimu kidogo. Akikujibu kwa kitu kikubwa ndani ya siku mbili, amelipa, hakutoa, na alikuwa na haraka ya kutoka katika deni. Na ya tatu uitafute ndani yako: ikiwa Idi imepita na wewe umeona kwamba fulani hakutuma kitu, basi ulikuwa unakopesha. Jina hilo lihamishe kwenye orodha ya salamu peke yake.

Ukiwa wewe ndiwe uliyeletewa kizito, usikimbilie kulingana nacho. Shukuru siku hiyo hiyo kwa maneno, kitumie hadharani ikiwa ni cha kutumika au kigawe kwa majirani ikiwa ni cha kula, na sikukuu yako iliyopangwa ikifika mpelekee kile kile unachowapelekea wote. Kikitoka kwa mtu anayetaka uamuzi wako katika jambo fulani, kirudishe kabla jua halijazama, kwa mkono wa mjumbe yule yule ikiwezekana, na maneno yawe mepesi: "Mwambie tumeipokea nia yake, jambo letu likimalizika tutakula pamoja."

Na ukiletewa halwa katika bakuli la kaure, licha ya yote niliyoyasema, lioshe, tia tende saba au nane, na ulirudishe kesho yake. Ukilichelewesha hadi wiki, tende nane hazitatosha.